Salio la dola 9,475: Jinsi ya kumjibu msambazaji anayedai kilicholipwa

GASHONGA, Rusizi – Mwanzoni mwa kila mwezi, wahasibu wa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala huwatumia wateja wao wa mkopo taarifa ya hesabu. Ni karatasi moja tu. Inaorodhesha ankara zilizotolewa na malipo yaliyopokelewa, na chini kabisa inaonyesha kiasi ambacho mteja bado anadaiwa. Kwa duka lililoko Gashonga, katika Wilaya ya Rusizi iliyo kusini magharibi mwa Rwanda, karatasi hiyo imetoka mbali. Mzigo unaoondoka Dar es Salaam huvuka mpaka wa Rusumo, ukapita Kigali na msitu wa Nyungwe, na hadi kufika Rusizi umetembea zaidi ya kilomita 1,600. Mwenye duka hawezi kwenda kugonga mlango wa mhasibu kila hesabu zinapogongana.

Na hugongana mara nyingi. Taarifa inadai maelfu ya dola, huku mwenye duka akiwa na stakabadhi za benki mkononi na uhakika kwamba amemaliza. Jibu la haraka huwa ni sentensi moja ya simu au ya WhatsApp: “Tumeshalipa, angalieni vizuri.” Mhasibu wa upande wa pili anaangalia, anakuta mfumo wake unaonyesha kilekile ulichoonyesha jana, na anaacha mambo yalivyo. Mwezi unaofuata salio linarudi, sasa likiwa kwenye safu ya madeni yaliyopita siku 60. Mteja anapoagiza mzigo mpya, anaambiwa amefikia kikomo cha mkopo na gari halitapakiwa.

Tatizo la jibu hilo ni kwamba neno “tumeshalipa” linabeba mambo kadhaa yasiyofanana. Ndani ya salio moja linalobishaniwa panaweza kuwa na fedha zilizofika bila kutambuliwa, fedha zilizokuwa bado njiani, punguzo ambalo upande mmoja tu ndio unaolijua, na deni la kweli ambalo mteja hakuliona. Kila moja lina ushahidi wake na jibu lake.

Mfano wa duka la mabati

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila kipande chake hutokea katika biashara ya kila siku kati ya nchi za ukanda huu. Duka la vifaa vya ujenzi la Gashonga linanunua mabati na misumari kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam, kwa dola, kwa mkopo wa siku 30. Tarehe 3 Aprili linapokea taarifa ya hesabu iliyofungwa tarehe 31 Machi. Taarifa inaonyesha ankara tatu: namba 1187 ya Januari, dola 6,400, namba 1203 ya Februari, dola 5,150, na namba 1231 ya Machi, dola 4,300. Jumla ni dola 15,850. Malipo yaliyoonyeshwa ni moja tu, dola 6,375 za tarehe 30 Januari. Salio ni dola 9,475.

Vitabu vya duka vinasema salio ni sifuri. Vinaonyesha malipo matatu: dola 6,400 tarehe 28 Januari, dola 4,850 tarehe 24 Februari, na dola 4,300 tarehe 30 Machi. Ankara ya Februari ililipwa pungufu kwa dola 300 kwa sababu mabati kadhaa yalifika yamekunjika, na dereva alisaini hati ya kupokea mzigo kukiri hivyo.

Kazi ya kwanza ni kuweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu na kutia alama ya vema kwenye kila mstari unaolingana pande zote. Ankara zote tatu zinalingana kwa namba na kwa kiasi, kwa hiyo hakuna ubishi juu ya kilichonunuliwa. Tofauti iko kwenye malipo peke yake, na inagawanyika mara nne: dola 25 kwenye malipo ya Januari, dola 4,850 za Februari ambazo hazionekani kabisa, dola 300 za mabati yaliyokunjika, na dola 4,300 za Machi. Ukizijumlisha unapata 9,475 kamili. Hiki ndicho kipimo cha kwamba kazi imekamilika: tofauti zote zikijumlishwa ni lazima zifikie pengo lililopo kati ya vitabu viwili, bila hata dola moja kubaki. Ikibaki, kuna mstari ambao haujaonekana, na haijafika wakati wa kuandika barua.

Fedha zilizofika bila jina

Kipande kikubwa zaidi ni dola 4,850. Fedha ziliondoka kwenye akaunti, na hazikurudi. Hili la kutorudi ni lazima lithibitishwe kwanza kwa kupitia taarifa ya benki ya wiki zilizofuata, kwa sababu malipo yenye namba ya akaunti iliyokosewa hurudishwa, wakati mwingine baada ya siku nyingi, na mwenye duka aliyekwisha kuandika “imelipwa” kwenye daftari anaweza asitambue.

Zikiwa hazikurudi, swali linakuwa zimekaa wapi. Sababu ya kawaida ni jina. Mwenye duka alituma kutoka akaunti yake binafsi, huku mfumo wa muuzaji unamjua mteja kwa jina la kampuni. Mhasibu wa Dar es Salaam akaona fedha za mtu asiyemjua, bila namba ya ankara, akaziweka kwenye akaunti ya muda ya malipo ambayo mwenyewe hajajulikana. Hajaziiba wala hajazikataa. Anasubiri mtu aseme ni zake.

Stakabadhi yenye muhuri wa benki haitoshi kumsaidia mhasibu huyo, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba mteja alitoa agizo. Kinachosaidia ni nakala ya ujumbe wa malipo ambao benki ilituma kupitia mtandao wa SWIFT. Kwa miaka mingi ujumbe huo umeitwa MT103. Tangu Novemba 2025 benki zinatumiana malipo ya kimataifa kwa muundo mpya uitwao pacs.008, lakini kaunta nyingi bado zinaelewa haraka mteja anapotaja MT103. Kwenye nakala ya muundo wa zamani kuna sehemu chache za kutazama. Sehemu ya 20 ni namba ya kumbukumbu ya benki iliyotuma. Sehemu ya 32A ina tarehe, sarafu na kiasi. Sehemu ya 50 ni jina la aliyetuma, ambalo kwa mfano huu ndilo chanzo cha tatizo. Sehemu ya 59 ni mpokeaji na akaunti yake. Sehemu ya 70 ni maelezo ya malipo, mahali ambapo namba ya ankara ilipaswa kuandikwa.

Ipo pia namba ndefu yenye alama 36, iitwayo UETR, ambayo hubaki ileile tangu malipo yanapotoka hadi yanapofika. Kwa namba hiyo benki nyingi zinaweza kufuatilia malipo na kusema kama yameingizwa kwenye akaunti ya mpokeaji na siku gani. Mhasibu akipewa UETR, kiasi na tarehe, hana haja ya kutafuta jina. Anakwenda moja kwa moja kwenye taarifa yake ya benki.

Maelezo ya sehemu ya 70 yana uzito mwingine. Chini ya sheria ya mikataba ya Tanzania, mwenye madeni kadhaa kwa mtu mmoja ana haki ya kusema anapolipa kwamba fedha hizi ni za deni lipi. Asiposema, na mazingira ya malipo yasipoonyesha, anayedai anaweza kuzielekeza kwenye deni lolote halali alilonalo juu yake. Ndiyo maana duka linaweza kulipa ankara ya Machi na kukuta fedha zimepunguza deni la zamani linalobishaniwa, huku ankara ya Machi ikionekana haijaguswa.

Fedha zilizokuwa njiani

Dola 4,300 zilitumwa tarehe 30 Machi na kuingia Dar es Salaam tarehe 2 Aprili. Taarifa ilifungwa tarehe 31 Machi, hata kama ilichapwa na kutumwa tarehe 3 Aprili. Hapa hakuna aliyekosea. Siku ile ya kufunga, vitabu vya duka vilikuwa vimekwisha kuandika malipo na vitabu vya muuzaji vilikuwa bado. Jibu lake ni jepesi: kutaja tarehe ya kutuma, tarehe ya kufika na namba ya kumbukumbu, na kuomba malipo yaonekane kwenye taarifa ya Aprili. Kulalamika juu ya kipande hiki kwa ukali uleule wa dola 4,850 humfanya mhasibu adhani barua nzima ni ya mtu asiyesoma tarehe.

Dola 25 ambazo duka linadaiwa kweli

Duka lilituma dola 6,400 Januari na zikafika 6,375. Malipo ya dola kutoka Rwanda kwenda Tanzania mara nyingi hupitia benki ya tatu iliyo nje ya ukanda, nayo hukata ada yake njiani. Nani anabeba ada hiyo inategemea herufi tatu zilizoko kwenye sehemu ya 71A. OUR maana yake mtumaji anabeba ada zote na mpokeaji anatakiwa kupata kiasi kamili. SHA maana yake mtumaji analipa ada za benki yake, na zilizobaki zinakatwa kwenye fedha zenyewe. BEN maana yake ada zote zinatoka kwa mpokeaji.

Fomu ya Januari ilijazwa SHA, na masharti ya ankara yanasema muuzaji apokee kiasi kamili. Kwa hiyo dola 25 hazijalipwa. Herufi za SHA zinaeleza jinsi benki zilivyogawana ada, lakini hazibadilishi makubaliano ya mnunuzi na muuzaji. Kama makubaliano yangekuwa kimya juu ya ada, hoja ingekuwa wazi kwa pande zote mbili. Yakiwa yameandikwa, duka linadaiwa na linapaswa kusema hivyo. Kukubali dola 25 kwa maandishi kunaonyesha kwamba karatasi imesomwa mstari kwa mstari, na mhasibu anayesoma barua ya namna hiyo ana sababu ya kuamini mistari mingine.

Dola 300 za mabati yaliyokunjika

Kipande cha nne ndicho ambacho wafanyabiashara wengi hukichanganya na malipo. Duka lilikata dola 300 lenyewe. Saini ya dereva inathibitisha kwamba mabati yalifika yameharibika, lakini kwa kawaida dereva hana mamlaka ya kupunguza bei. Punguzo linaingia kwenye vitabu vya muuzaji pale tu anapotoa hati ya kupunguza deni yenye namba yake, ikitaja ankara husika. Hati hiyo haijatolewa. Kwa hiyo dola 300 hazijalipwa wala hazijafutwa. Ni madai ya duka yanayosubiri kujibiwa.

Kuandika “imelipwa” hapa ni kusema lisilo kweli, na kukaa kimya ni kuyaacha madai yachakae. Jambo la kufanya ni kuambatisha nakala ya hati ya kupokea mzigo, picha zilizopigwa siku ya kushusha, idadi ya mabati na bei ya kila moja kama ilivyo kwenye ankara, kisha kuomba hati ya kupunguza deni. Yakiwa mabati 30 ya dola 10, barua iseme 30 mara 10. Kiasi kisicho na hesabu nyuma yake ni rahisi kukataliwa.

Barua yenyewe

Jibu zuri linaingia kwenye ukurasa mmoja. Linataja taarifa inayojibiwa kwa tarehe na kiasi, linasema wazi kwamba salio halikubaliwi, linaeleza vipande vinne, na linamaliza kwa kuomba mambo mahususi kwa tarehe mahususi. Kwa duka la mfano lingesomeka hivi:

“Kwa Mhasibu wa Wateja,

Yah: Taarifa yenu ya hesabu ya tarehe 31 Machi, salio la dola 9,475

Tumepokea taarifa tajwa hapo juu na kuilinganisha na vitabu vyetu. Ankara zote tatu tunazitambua. Salio hatukubaliani nalo, kwa sababu zifuatazo:

1. Dola 4,850: zililipwa tarehe 24 Februari kwa ankara namba 1203, kutoka akaunti ya mkurugenzi wetu. Nakala ya ujumbe wa benki na namba ya UETR vimeambatishwa. Tunaomba mzitafute kwenye malipo yasiyotambuliwa na kuziingiza kwenye hesabu yetu.

2. Dola 4,300: zilitumwa tarehe 30 Machi kwa ankara namba 1231 na kuwafikia tarehe 2 Aprili. Nakala imeambatishwa.

3. Dola 300: ni thamani ya mabati 30 yaliyofika yameharibika, ankara namba 1203. Hati ya kupokea mzigo yenye saini ya dereva na picha vimeambatishwa. Tunaomba hati ya kupunguza deni.

4. Dola 25: ni ada ya benki iliyokatwa kwenye malipo ya Januari. Tunakubali kwamba ni juu yetu, na tutaiongeza kwenye malipo yajayo.

Baada ya marekebisho hayo, kiasi tunachokubali kudaiwa ni dola 25 tu. Tunaomba mtutumie taarifa iliyorekebishwa ifikapo tarehe 17 Aprili. Wakati mkishughulikia namba 1 na 3, tunaomba oda yetu mpya isizuiwe kwa sababu ya kiasi hicho.

Wenu katika biashara,
Mkurugenzi”

Barua haikuomba “mwangalie vizuri”. Kila namba inamwonyesha mhasibu wapi pa kutazama na nini cha kufanya. Ombi la oda mpya limewekwa mwishoni, baada ya ushahidi, kwa sababu uamuzi wa kufungua mkopo huwa mikononi mwa meneja ambaye atasoma hitimisho kabla ya kusoma viambatisho.

Maneno ya kuepuka

Taarifa nyingi zina mstari chini unaosema kwamba mteja asipotoa pingamizi ndani ya siku kadhaa, 14 au 30, hesabu itachukuliwa kuwa sahihi. Ukimya peke yake si lazima umfunge mteja mahakamani, lakini unampa muuzaji ushahidi wa kuonyesha. Nyaraka zikichelewa kutoka benki, inafaa barua fupi itangulie ndani ya muda huo: taarifa imepokelewa, salio halikubaliwi, maelezo kamili yatafika tarehe fulani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maneno ya upole. Mwenye duka anayetaka gari lipakiwe anaandika, “Tutamaliza salio mwezi ujao, tafadhali tuleteeni mzigo.” Kwa sentensi hiyo amekiri dola 9,475 zote. Nchini Tanzania na Kenya, dai la mkataba kwa kawaida hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita, na kukiri deni kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha huifanya saa ianze kuhesabu upya. Malipo ya sehemu ya deni yanaweza kuleta matokeo hayohayo. Ndiyo maana anayelipa sehemu asiyoibishia anapaswa kuandika kwamba analipa kiasi hicho tu, kwa ankara hiyo tu, na kwamba kilichobaki bado anakipinga.

Liko na onyo la usalama. Taarifa ya hesabu inayodai deni lililolipwa, na papo hapo inataja akaunti mpya ya benki, inaweza kuwa haijatoka kwa muuzaji kabisa. Wezi wanaoingia kwenye barua pepe za kampuni husoma ankara za kweli na kutuma madai yenye namba sahihi. Hakikisho lipatikane kwa kupiga simu kwa namba ya zamani iliyoko kwenye ankara za nyuma, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Aliyetuma fedha kwenye akaunti isiyo ya muuzaji anaweza kujikuta bado anadaiwa na muuzaji, hata akiwa na MT103 iliyokamilika.

Taarifa ya mwezi unaofuata

Kazi haiishi barua inapotumwa. Taarifa ya Aprili ndiyo inayoonyesha kama imesikilizwa. Kwenye mfano huu, dola 4,850 na 4,300 zinatakiwa zionekane kama malipo, dola 300 kama hati ya kupunguza deni yenye namba, na salio la zamani lishuke hadi dola 25. Zikionekana dola 4,300 pekee, maana yake namba 1 na 3 hazijafanyiwa kazi, na barua ya pili itaje ya kwanza kwa tarehe yake na kupelekwa kwa meneja wa mikopo badala ya mhasibu.

Muuzaji akijibu kwamba dola 4,850 hazijawahi kufika, hoja inahama kutoka kwa wahasibu kwenda kwa benki. Duka linaiomba benki yake ifuatilie malipo kwa UETR na kutoa maandishi yanayotaja siku na akaunti vilikoingizwa. Maandishi hayo yakionyesha akaunti iliyochapwa kwenye ankara za muuzaji mwenyewe, ni juu yake sasa kueleza fedha ziliko. Yakionyesha akaunti nyingine, ni juu ya duka kueleza namba hiyo ya akaunti ililipata wapi.